SOMO: Betri ya asidi haitumiwi hadi ilie. Kina cha kushusha chaji ni nini, na unakipimaje (maswali yote yaulizwe hapa)

Naandika hili mara moja tu, ili nikiulizwa tena nibandike kiungo niendelee na kazi. Wiki hii watu wanne wameniuliza kwa nini betri yao ya 100Ah haijamaliza mwaka. Kila mmoja nilimuuliza anaitumia hadi wapi. Wote wanne: "Hadi invata ilie, fundi."

Basi tuanze na maana. Kina cha kushusha chaji ni kiasi ulichokwisha kutoa, ukilinganisha na kile betri inachobeba ikiwa imejaa. Ukitoa ampea-saa 30 kwenye betri ya 100Ah, umeishusha kwa asilimia 30, imebaki na 70. Skrini zingine huandika DOD, yaani kilichotoka, zingine SOC, yaani kilichobaki. Zitazame vizuri. Kuna jamaa aliona SOC 30 akafurahi kwamba ametumia kidogo.

Ndani ya betri, kila unapotumia umeme, asidi inashikana na risasi ya sahani na kuacha salfeti ya risasi juu yake. Ndiyo maana maji ya ndani huwa mepesi betri inapoisha: asidi imehamia kwenye sahani. Ukichaji, inarudi. Kadiri unavyoshusha zaidi, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya sahani inavyogeuka kuwa salfeti na kugeuzwa tena, na kila mgeuzo unaacha jeraha.

Hatua ya 1. Soma kibandiko. Ikiwa ni betri ya kuwashia gari, sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa moto mwingi kwa sekunde chache. Usiijengee nyumba.

Hatua ya 2. Piga hesabu ya mzigo. Chukua nyumba ya kawaida ya Umoja stima ikipotea: televisheni vati 40, ruta 10, balbu nne za vati 5. Jumla 70. Invata nayo inakula chake, kwa hiyo weka 80 kutoka kwenye betri. Gawanya kwa volti 12, unapata kama ampea 6.7. Saa tano za giza ni ampea-saa 33 na ushee, yaani theluthi ya betri ya 100Ah. Hapo uko salama. Saa kumi ni 67, na hapo umepita nusu. Mpaka wangu kwa matumizi ya kila siku ni nusu.

Hatua ya 3. Pima volti betri ikiwa imepumzika. Hapa ndipo mimi nilipoharibu, kwa hiyo nisomeni polepole. Mwaka wangu wa kwanza na sola, nikiishi Kayole, nilikuwa napima saa kumi na mbili jioni, paneli zimetoka tu kuchaji. Multimita inasema 12.9. Najisifu: imejaa! Haikuwa imejaa. Ile ni volti ya juujuu inayobaki sahani zikitoka kuchajiwa, inashuka yenyewe ukiiacha. Usiku invata inalia, naizima, nasubiri dakika kumi, napima: 11.9. Najiambia bado ipo kidogo, nawasha tena. Kumbe invata ile ilikuwa inakata kwenye volti 10.5, na betri ikifika hapo kwa mzigo mdogo kama wangu, imekwisha. Nilikuwa naimaliza kabisa karibu kila usiku. Desemba nikaenda ushago wiki tatu nikaziacha betri zangu mbili hivyo hivyo, tupu. Niliporudi moja ilisoma 9 na kitu. Niliichaji siku nzima, ikapata moto, ikachemka, ikakata dakika kumi baada ya kuwasha televisheni.

Kilichotokea ni kwamba salfeti ikikaa siku na wiki bila kurudishwa, punje zake ndogo laini zinakua kubwa na ngumu, na chaja haizivunji tena. Kwa hiyo: zima mzigo, zima chaji, iache saa nne au zaidi. Mimi hupima alfajiri kabla jua halijagusa paneli, usiku kukiwa hakuna kilichowashwa. Kwa betri ya maji ya volti 12, soma hivi: 12.7 imejaa, 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 iko nusu, 12.0 imebaki robo, 11.8 kwenda chini ni tupu. Unaona kati ya kujaa na kuisha haipiti hata volti moja? Ndiyo maana multimita ya bei ya chai inakudanganya. Ilinganishe na nyingine kabla ya kuiamini.

Onyo: betri zilizozibwa zisizoongezwa maji husoma juu kidogo ya hapo. Fuata karatasi yake.

Hatua ya 4. Ikiwa kontrola au invata yako inakubali kubadilishwa, isikate kwenye 10.5. Kwa mizigo midogo ya nyumbani mimi huweka kati ya 11.8 na 12.0. Volti hushuka kidogo mzigo ukiwa umewaka, kwa hiyo hapo ni karibu na nusu.

Hatua ya 5. Rudisha chaji hadi ijae, siku hiyo hiyo au kesho yake.

Maswali.

---

Kinyozi_Zimmerman: Yangu inaonyesha 12.9 na inakata baada ya dakika ishirini. Shida ni nini?

Mwandishi: Umepima saa ngapi, na ilikuwa imepumzika muda gani?

Kinyozi_Zimmerman: Nimetoa chaja nikapima.

Mwandishi: Hatua ya 3.

Baba Shiro: Mimi nilifundishwa betri humalizwa kabisa ndipo ichajiwe, la sivyo inazoea. Sasa wewe unasema kinyume. Nimwamini nani?

Mwandishi: Hizo zilikuwa betri za nikeli za simu na redio za zamani. Ya risasi na asidi haina hiyo tabia ya kuzoea. Aliyekufundisha hakukosea, ila hakuwa anazungumzia betri hii.

Baba Shiro: Basi ungesema hivyo mwanzoni.

Mwandishi: Somo linaanza na "betri ya asidi", mzee wangu.

Wambo_umeme: Samahani, swali la mwanafunzi. Nikitoa 50 mara mbili si ni sawa na kutoa 100 mara moja? Umeme ni ule ule. Kwa nini betri ijali?

Mwandishi: Swali zuri, kaa nikueleze. Sahani ya chanya ina dioksidi ya risasi. Ikigeuka salfeti, inachukua nafasi karibu mara mbili ya ile ya mwanzo. Ukichaji, inasinyaa tena. Umewahi kuona nyumba zilizojengwa juu ya udongo mweusi kule Embakasi? Mvua inanyesha udongo unavimba, jua linawaka unapasuka, baada ya miaka michache ukuta una ufa. Mvua ya manyunyu inalowesha juu tu na ukuta hausikii. Gharika ndiyo inayousukuma. Sahani ni hivyo hivyo: ikishushwa kidogo inavimba kidogo na punje zinabaki zimeshikana, ikimalizwa inavimba yote, punje zinaachana na kudondoka chini. Ukipasua betri iliyokufa utakuta tope la kahawia chini ya sahani. Ile ilikuwa ampea-saa zako. Tope likijaa hadi kugusa sahani za chanya na hasi, seli hiyo imekufa.

Sasa tazama hesabu. Betri ya sola ya kawaida, yenye sahani nene, karatasi yake inaweza kuonyesha kama mizunguko 1,000 ukishusha nusu, na kama 500 ukishusha asilimia 80. Kwa 100Ah, ya kwanza inakupa jumla ya ampea-saa 50,000, ya pili 40,000. Kwa hiyo hapana, umeme si ule ule. Ila usikimbie kununua betri kumi ili ushushe asilimia tano tu. Betri huzeeka hata ikikaa, risasi ya ndani inaliwa polepole, na pesa yako itaozea pale kabla mizunguko haijaisha.

Wambo_umeme: Nimeelewa kabisa. Asante sana, fundi.

MamaTrevor: Fundi, mimi sipiti asilimia 30, nimehesabu kama ulivyosema. Lakini mwezi wa saba hapa Kinoo hakuna jua, ni baridi na mawingu. Asubuhi ni 12.3, kesho 12.3, keshokutwa 12.2. Niko salama?

Mwandishi: Hauko salama, mama, na nashukuru umeuliza kwa sababu somo langu liliruka hapo. Kushusha kidogo kunasaidia ikiwa unarudi juu. Betri inayozunguka kati ya nusu na robo tatu wiki nzima, kuna salfeti isiyoguswa hata siku moja, na ndiyo inayogeuka ngumu. Mwezi wa saba tumia chaja ya stima angalau mara moja kwa wiki. Iache ifike volti 14.4 na ibaki hapo, usiitoe ilipofika tu. Ikiwa chaja yako inaonyesha ampea, subiri zishuke hadi kama 2 kwa betri ya 100. Inaweza kuchukua saa kadhaa, hizo za mwisho ndizo muhimu. Na fungua dirisha, betri ikichaji hutoa gesi inayoshika moto.

MamaTrevor: Nilikuwa naitoa taa ya kijani ikiwaka.

Mwandishi: Chaja nyingi za bei rahisi huwasha kijani mapema. Amini volti.

Kitengela_Kuku: Nimeweka ikate 12.0 kama ulivyosema, sasa pampu ikianza tu kila kitu kinazima. Umeniharibia.

Mwandishi: Niliandika "mizigo midogo ya nyumbani". Pampu ikianza inavuta ampea nyingi kwa muda mfupi, volti inazama hata betri ikiwa imejaa. Kwa pampu weka chini, 11.4 hivi, na uhesabu kina kwa ampea-saa badala ya kutegemea volti. Kagua pia waya. Ikiwa wa kutoka kwenye betri unapata joto, ni mwembamba, na volti zinapotelea humo.

Kitengela_Kuku: Unapata joto kweli. Nitaleta mnene.

Kinyozi_Zimmerman: Nimepima asubuhi. 11.6.

Mwandishi: Sawa, sasa tunaongea. Ina vifuniko vya kuongeza maji?

Kinyozi_Zimmerman: Ndiyo, sita. Jamaa wa duka aliniuzia chupa ya kuongezea, nimeweka wiki jana.

Mwandishi: Chupa imeandikwa nini?

Kinyozi_Zimmerman: Asidi.

Mwandishi: Usiongeze tena. Kinachopungua humo ni maji, asidi haiendi popote, huongezwa maji yaliyotoneshwa peke yake. Vaa glavu na kinga ya macho, ichaji hadi ijae, kisha nunua haidromita upime uzito wa maji ya kila seli. Tano zikisoma karibu 1.27 na moja ikabaki 1.15, hiyo moja ndiyo inayokukatia. Zote zikipita 1.30, ni chupa yako. Lete namba sita hapa.

Kinyozi_Zimmerman: Haidromita ni ile ya mpira juu kama ya kunyonya?

Mwandishi: Hiyo hiyo. Wanauza Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea.