Ala gani hii? Namna ya kuisoma picha ya zamani ya taarab

Mimi ni fundi wa udi, na watu huniletea picha kama wanavyoniletea ala zilizovunjika. Juzi kijana mmoja alikuja na picha ya nyeusi na nyeupe. Nyuma yake imeandikwa kwa kalamu ya wino: "Babu na kinanda chake." Kijana ametafuta vibonyezo picha nzima, hakuona hata kimoja. Babu amepakata kitu kama upawa mkubwa. Nitaitumia picha hiyo hapa.

Hatua ya kwanza: hakikisha picha haijageuzwa

Picha ikisafishwa au kuskaniwa kutoka upande usio wake, kulia huwa kushoto. Tazama makoti ya wanaume: upande wa kushoto wa mvaaji hulala juu ya ule wa kulia. Kama kuna mpiga kodiani, kazi imekwisha, kwa sababu vibonyezo vyake vinavyofanana na vya piano hukaa upande wa mkono wa kulia wa mpigaji. Ukiruka hatua hii utaona kundi zima ni la watu wa mashoto.

Hatua ya pili: tazama mikono kabla ya ala

Mkono wa kulia wa babu uko juu ya tumbo la ala, vidole viwili vimebana kitu chembamba. Hiyo ni risha, basi nyuzi zinadonolewa. Angekuwa anapiga fidla, tungeona uta. Ala ikilala mapajani au mezani, na vidole vya shahada vya mikono yote miwili vimevikwa pete zenye kijiti, hiyo ni kanuni. Umbo lake, kisanduku bapa chenye upande mmoja uliokatwa mshazari, litathibitisha.

Hatua ya tatu: shingo na kichwa

Hapa ndipo wengi hukosea, wakiita kila chenye shingo gitaa. Gitaa lina kiuno, na shingoni lina vijiti vya chuma vilivyolala kwa kukata. Udi hauna kiuno wala vijiti hivyo. Tumbo lake ni kama nusu ya pea, shingo fupi, na kichwa kimekunjwa nyuma karibu pembe mraba. Kwa sababu hiyo, ukipigwa picha kwa mbele udi huonekana kama umekatwa kichwa. Usidhani picha imeharibika.

Ala ya babu si hivyo. Tumbo linasinyaa polepole hadi kuwa shingo, huwezi kusema moja limeishia wapi na jingine limeanzia wapi. Kichwa kimepinda kama mundu. Tena uso wake una rangi mbili: juu giza, chini nyeupe, na mstari katikati. Ile nyeupe ni ngozi iliyowambwa. Uso wa udi ni wa mbao, kwa kawaida wenye matundu ya nakshi.

Hatua ya nne: hesabu vigingi, acha nyuzi

Katika picha kuukuu nyuzi hupotea, na nyuzi pacha huonekana kama uzi mmoja. Vigingi vya kukazia ni vinene, havijifichi. Udi mara nyingi una 11: jozi tano na uzi mmoja mnene peke yake. Kwa babu nilihesabu vinne upande mmoja na vitatu upande wa pili. Saba, umbo la upawa, ngozi usoni: ni gambusi, ambayo wengine huiita kibangala, ndugu wa ala ya Yemen. Ilitangulia udi katika muziki wa pwani yetu.

Na kinanda? Zamani neno hilo lilitumika kwa ala za nyuzi za aina hii, kabla halijahamia kwenye vibonyezo. Aliyeandika nyuma ya picha hakukosea. Maandishi ni ushahidi, ila yasome kwa Kiswahili cha wakati wake.

Ukiona vibonyezo na nyuzi pamoja

Katika picha za Mombasa utakutana na kisanduku chembamba chenye nyuzi, na juu yake safu ya vibonyezo vya mviringo kama vya taipureta. Mkono wa kushoto unabonyeza, wa kulia unadonoa. Ni taishokoto, yenye asili ya Japani. Usiichanganye na kinanda cha upepo, ambacho mkono mmoja huvuta mvukuto huku mwingine ukipiga.

Kuna jambo picha ya babu haikuniambia. Gambusi huchongwa kwa gogo moja, ilhali tumbo la udi huundwa kwa mbao nyembamba zilizopindwa na kugundishwa. Mgongo wake hauonekani, hivyo siwezi kuapa. Nilimwandikia kijana kwenye nakala, kwa penseli: "Gambusi, vigingi saba, uso wa ngozi, mgongo haukuonekana." Yale maneno ya wino nilimwambia asiyaguse.