Kufupisha habari ndefu: mfano wa tangazo la korosho la 2018

Nimesoma taarifa za habari redioni hapa Mtwara kwa miaka kadhaa. Kazi iliyonitoa jasho kuliko zote ni kupokea habari ya kurasa mbili na kuambiwa, "Isome kwa nusu dakika." Nusu dakika ni maneno hamsini hivi, hamsini na tano ukiwa na pumzi. Nitaonyesha ninavyofanya kwa habari moja ambayo wengi huku Kusini mnaikumbuka: tangazo la serikali kununua korosho, Novemba 12, 2018.

Habari nyingi za siku ile zilifuata itifaki. Zilianza na Rais John Magufuli kuwaapisha mawaziri Ikulu, Dar es Salaam, zikapita kwa walioapishwa na waliotenguliwa siku mbili kabla. Korosho zikaja chini huko.

Hatua ya kwanza: soma yote bila kalamu, ufunike karatasi, kisha mwambie mtu aliye karibu kilichotokea. Siku ile nilimwambia fundi mitambo wetu, ambaye kwao ni Newala. Sikumtajia kiapo. Nilisema, "Serikali inanunua korosho, elfu tatu na mia tatu kilo." Sentensi inayokutoka mdomoni hivyo ndiyo mara nyingi inayostahili kutangulia.

Hatua ya pili: sasa shika kalamu, uandike pembeni nani, nini, lini, wapi na kwa nini. Hapa usiharakishe, maana swali moja huwa na majibu mawili. "Nani" alikuwa Rais aliyetangaza, lakini pia mkulima anayeuza. "Wapi" ilikuwa Ikulu, lakini korosho zenyewe ziko Tandahimba, Masasi, Nachingwea. Jiulize ni jibu lipi linalomgusa anayesikiliza. Hilo lipande juu, jingine lishuke. Cheo hakimpandishi mtu kwenye ufupisho, ingawa najua wahariri watakaonibishia.

"Kwa nini" ndilo swali ambalo wafupishaji hulikata kwanza, kwa sababu jibu lake huwa limejificha katikati ya habari. Kwenye hii lilikuwa roho ya habari: wakulima walikuwa wamegomea bei ndogo za wanunuzi binafsi kwenye minada. Ukiliondoa, msikilizaji anabaki akijiuliza serikali imeingiaje kwenye biashara ya korosho.

Hatua ya tatu ni kuandika, kila sentensi ikiwa nyepesi kuliko iliyoitangulia:

"Wakulima wa korosho sasa watauza zao lao kwa serikali, kwa shilingi 3,300 kwa kilo, Rais John Magufuli ametangaza leo. Serikali imechukua hatua hiyo baada ya wakulima kugomea bei ndogo za wanunuzi binafsi mnadani. Jeshi ndilo litakalosomba korosho hizo. Rais ametoa tangazo hilo Ikulu, Dar es Salaam, alipokuwa akiwaapisha mawaziri."

Ijaribu kwa kukata kutoka mkiani. Ondoa sentensi ya mwisho: mkulima hajapoteza kitu. Ondoa ya jeshi: amepoteza kidogo. Ondoa ya sababu: inaanza kuuma. Ile ya kwanza ikibaki peke yake bado ni habari kamili, ina nani, nini na lini. Kama ungekata mkia na habari ikafa, basi kuna jambo kubwa umeliweka chini, lipandishe.

Jina la Rais nimelibakiza kwenye sentensi ya kwanza kwa makusudi, japo si mwanzoni. Hii ilikuwa ahadi, korosho zilikuwa hazijanunuliwa. Ahadi lazima iwe na mwenyewe, tena mapema, ama sivyo redio ndiyo itaonekana imeahidi.

Hatua ya nne: rudi kwenye habari ya awali uoanishe tarakimu, majina na nyakati za vitenzi. Vitenzi ndivyo vilivyowahi kuniponza. Msimu mmoja niliandika "wakulima wamelipwa" mahali ambapo habari ilisema "watalipwa". Nilikuwa nabana maneno, nikabana na ukweli. Kabla taarifa haijaisha simu ya studio ilianza kuita, na mzee mmoja akaniuliza kwa upole ulioniumiza zaidi kuliko tusi: "Mwanangu, hizo hela ziko benki gani? Mimi niko hapa mlangoni tangu umesoma."

Tangu siku hiyo napigia mstari kila -me- na kila -ta- kwenye habari ya awali, kisha natafuta ndugu yake kwenye ufupisho wangu. Inachukua dakika mbili.