Umetuma pesa kwa rafiki badala ya fundi: namna ya kuziomba zirudi bila kuharibu urafiki

Somo hili nalitoa kwa sababu lilinipata Ijumaa moja jioni. Nilikuwa na fundi wa milango, nimemhifadhi kwenye simu kama "Otieno Fundi". Jina linalofuata papo hapo ni "Otieno Shule", rafiki niliyesoma naye, ambaye tulikuwa hatujazungumza kwa miezi minne. Nilikusudia kumtumia fundi shilingi 3,200 za mbao. Zikaenda kwa Otieno wa shule.

Mtauliza, kwani M-Pesa haikuonyesha jina kabla hujathibitisha? Ilionyesha. Ubaya ni kwamba jina la mtu unayemfahamu halikushtui. Ukikosea tarakimu moja, linatokea jina geni na unasimama hapo hapo. Ukikosea kwa kugusa jina la rafiki, linatokea jina ulilolizoea, na kidole kinasonga mbele. Ndiyo maana pesa nyingi zinazopotea njia hivi huishia kwa watu tunaowajua, na hapo kazi inakuwa ya maneno zaidi kuliko ya simu.

Hatua ya 1: Soma ujumbe wa uthibitisho kabla ya kufanya lolote

Hakikisha zimeenda kwa nani, kiasi gani na saa ngapi. Andika kando ule msimbo wa muamala, yaani zile herufi na tarakimu 10 zilizo mwanzoni mwa ujumbe. Usiufute ujumbe huo.

Hapa Kenya unaweza kuusambaza ujumbe wote kwenda 456 ili kuomba muamala urudishwe. Kama pesa zimeenda kwa mgeni, fanya hivyo mara moja, kwa sababu ombi hilo linategemea pesa kuwa bado zimo kwenye akaunti yake. Kwa rafiki ninayeweza kumpata kwa simu, mimi humpigia kwanza. Mtu akiona ombi la kunyang'anywa pesa limetangulia salamu zako, atajiuliza umemwonaje. Asipopatikana kabisa, basi tuma 456, halafu mwachie ujumbe wa kumweleza kuwa umetuma na kwa nini.

Hatua ya 2: Piga simu, usianze kwa kuandika

Kila mwenye simu nchini ameshapokea ujumbe wa matapeli: "Nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie." Kwa hiyo ujumbe wako wa maandishi, hata ukitoka kwenye nambari anayoijua, unafanana kabisa na wizi. Sauti yako ndiyo inayoondoa shaka hiyo.

Salamu ziwepo, lakini ziwe fupi. Tumezoea kuzungusha: watoto, kazi, mvua, ndipo tufike kwenye jambo. Hapa kuzungusha kunageuka vibaya, maana rafiki aliyefurahia kwamba umemkumbuka baada ya miezi minne atagundua mwishoni kuwa ulikuwa unafuata pesa. Mimi nilisema hivi:

"Otieno, habari za jioni? Ndugu yangu, nimekupigia kwa sababu nimefanya kosa sasa hivi. Nilikuwa namtumia fundi wangu pesa za mbao, nikagusa jina lako. Ni 3,200. Hebu angalia salio lako kwanza, halafu unipigie."

Angalieni vitu viwili. Kosa nimelichukua mimi, sikusema "pesa zangu ziko kwako", maneno ambayo yanamfanya ajitetee kabla hajaulizwa. Pili, sikumwambia arudishe. Nimemwomba aangalie salio, kwa *334# au kwenye programu ya M-Pesa. Hilo linamlinda yeye, kwa kuwa ujumbe bandia unaweza kuandikwa na yeyote lakini hauongezi salio. Pia linampa nafasi ya kupumua. Huenda yuko mbele ya watu, huenda pesa zimeshapungua kwa sababu asiyotaka kuitaja papo hapo.

Hatua ya 3: Akithibitisha, mwandikie

Sasa ndipo maandishi yanafaa, ili awe na kila kitu mahali pamoja:

"Asante kwa kuangalia. Nilituma 3,200 leo saa 12:40 jioni, msimbo wa muamala ni huu hapa. Toa gharama ya kutuma humo humo, unirudishie 3,147. Fundi ananunua mbao kesho saa 3 asubuhi, nikizipata kabla ya hapo utakuwa umenisaidia sana."

Hiyo 3,147 imetoka wapi? Kwa bei ninazotumia, kutuma kiasi kati ya 2,501 na 3,500 hugharimu shilingi 53. Ukimwomba rafiki arudishe 3,200 kamili, hizo 53 zitatoka mfukoni mwake kwa kosa lako wewe. Ni pesa kidogo, lakini ndizo zinazokumbukwa. Piga hesabu wewe mwenyewe na umpe kiasi kamili, usimwachie aulize. Bei hubadilika, kwa hiyo angalia za siku hiyo.

Sababu ya haraka nimeitaja kwa saa na kwa kazi: fundi, mbao, saa 3. "Haraka tafadhali" ni amri. Saa ya fundi ni habari, na mtu mzima akishapewa habari anajua la kufanya.

Hatua ya 4: Njia moja tu ya kurudisha

Hapa ndipo watu hukosana bila mwenye hila yoyote. Umetuma ombi 456, halafu rafiki naye akakurudishia kwa mkono. Ombi likipita, pesa zitatoka kwake mara mbili. Kwa hiyo kama ulishatuma 456, mwambie waziwazi: "Usitume chochote, subiri hili likamilike." Kama amekurudishia mwenyewe, wapigie huduma kwa wateja mara moja uwaambie ombi lisitishwe.

Pesa zikifika, mjulishe kabla hata hujamtumia fundi. Otieno alinitumia saa 2 usiku. Nilimpigia tena Jumapili, na siku hiyo hatukutaja pesa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Thika: Mimi rafiki yangu alikiri amezipata, lakini akasema hawezi kurudisha zote. Nilituma 3,200 pia, anasema zimebaki 1,800. Nilihisi ananidanganya.

*Jibu:* Muulize kwa upole kama alikuwa na Fuliza. Mtu mwenye deni la Fuliza akipokea pesa, deni hukatwa lenyewe kabla hajagusa simu. Kama alikuwa anadaiwa 1,400, basi 3,200 zako zilipoingia zilibaki 1,800, na yeye huenda amejua pamoja na wewe. Watu wengi huona aibu kulisema hilo, ndiyo maana jibu linasikika kama uongo.

Usimwambie akope Fuliza tena akulipe. Ataingia kwenye ada mpya ya asilimia 1 pamoja na makato ya kila siku, kwa kosa ulilolifanya wewe. Fanya hivi: akurudishie zilizobaki, atoe gharama ya 33, akutumie 1,767. Hizo 1,400 zilizolipa deni lake ni zake kukulipa, kwa sababu zimemfaa. Mwambie: "Nakuelewa, hukuzitumia kwa kupenda. Hizo 1,400 tugawe mara mbili, 700 mwisho wa wiki hii na 700 wiki ijayo, unaonaje?" Umtajie kiasi na siku mwenyewe. Ukimwachia aseme "nikipata", mtazungushana mpaka mwaka uishe, na kila mkikutana mmoja atatazama chini.

Mwanachama, Kisumu: Amesoma ujumbe wangu WhatsApp, alama za bluu naziona, lakini hajibu tangu jana. Niweke kwenye kundi letu la darasa?

*Jibu:* Hapana, tafadhali. Ukiweka kundini umemwita mwizi mbele ya watu 60, na hata akirudisha kesho jina hilo halitoki. Mpigie mara moja mchana na mara moja jioni. Asipopokea, mwandikie: "Nimekutafuta bila kukupata, natumaini u mzima. Kama zile pesa zimepungua kwa sababu yoyote, niambie tu tupange." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ufunguo, kwa sababu anayenyamaza mara nyingi ameshazitumia na anatafuta mlango wa kutokea. Siku mbili zikipita, mtafute mtu mmoja mnayemheshimu wote wawili azungumze naye kwa siri. Na kama hujatuma 456, sasa tuma, ukimjulisha.

Mwanachama, Nakuru: Yangu ni tofauti. Nilikuwa nadaiwa naye 2,000 tangu Disemba. Nilipomtumia 5,000 kimakosa akasema, "Nimekata deni langu, chukua 3,000." Ana haki?

*Jibu:* Deni ni la kweli? Kama ndiyo, mimi nisingebishana. Ungekuwa unamlazimisha arudishe pesa anazokudai, halafu umwambie asubiri, na hilo halisemeki kwa rafiki. Lakini kama hizo 5,000 hazikuwa zako, mathalani ni za chama na wewe ni mwekahazina, mwambie hivyo wazi: "Deni lako nalikubali, ila hizi ni pesa za wanachama, siwezi kulilipia humu. Nirudishie zote, na lako nitalilipa tarehe 5." Halafu tarehe 5 ilipe kweli. Ikiwezekana mwonyeshe ukurasa wa daftari, ataelewa.

Mwanachama, Mombasa: Nilimtumia rafiki mkubwa wa marehemu babangu, namwita ami. Alishanipigia kushukuru na kuniombea dua kabla hata sijagundua kosa. Nimwambie vipi?

*Jibu:* Ilikuwa kiasi gani?

Mwanachama, Mombasa: 500.

*Jibu:* Ziache. Dua imeshasomwa. Ingekuwa 15,000 za karo ningekushauri uende kwake mwenyewe baada ya Alasiri, si kwa simu: "Shikamoo ami, nimekuja na aibu yangu." Umweleze kuwa ni karo ya mtoto na umekosea jina, halafu umwombe akurudishie sehemu kubwa na abaki na kidogo kwa radhi yako. Mzee aliyeshukuru kwa pesa hapaswi kuzirudisha zote. Na usimtume mdogo wako, nenda wewe.

Mwanachama, Mombasa: Nimekuelewa. Nitampelekea na tende Ijumaa.