Mtoto ana mafua na homa, mama kapiga simu usiku: aje sasa hivi au asubuhi?

Mwongozo huu ni kwa wauguzi wanaopokea simu za kina mama wa mtoto wa kwanza. Mfano ni wa Muheza, Tanga, saa 3 usiku: "Dada nesi, mwanangu anachemka, pua imeziba, nimlete?"

1. Umri kwanza

"Mama, ana umri gani?" Akiwa chini ya miezi 2 na joto la kwapani ni 37.5 au zaidi, usiendelee na maswali. Aje sasa hivi, amshike kifuani ngozi kwa ngozi, amnyonyeshe njiani. Asimpe panadol akasubiri. Huyu wetu ana miezi 4, joto 38.6. Tunaendelea.

2. Dalili za hatari

Amepata degedege? Anatapika kila kitu? Amelegea, au anaamka kwa shida? Jibu moja la "ndiyo" linatosha kumleta usiku huohuo.

Kuhusu kunyonya, usiulize "ananyonya vizuri?" Mama mwenye hofu atajibu hapana. Mwambie amweke titini sasa hivi, wewe ukiwa kwenye simu. Mtoto mwenye pua iliyoziba hushika titi, hunyonya kidogo, huachia apumue, hurudi tena. Mtoto aliyezidiwa hashiki kabisa, au hushika bila nguvu ya kuvuta. Wa kwanza ana mafua. Wa pili aje.

3. Kuhesabu pumzi kwa simu

Hapa ndipo simu nyingi huharibika, kwa hiyo usiharakishe. Ukimwachia mama ahesabu peke yake huku akitazama saa, atapotea njiani au atahesabu kuingia na kutoka kwa hewa kuwa pumzi mbili. Gawaneni kazi: yeye atazame tumbo, wewe ushike saa na kuhesabu.

"Mama, weka simu sauti kubwa, mlaze, pandisha shati hadi kifuani. Kila tumbo likipanda sema 'juu'. Likishuka usiseme kitu."

Subirini kwanza atulie. Akiwa analia au ananyonya, hesabu haifai. Usingizini ndiyo bora. Hesabu dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha mara 4, kwa sababu watoto wachanga hupumua kwa mafungu, haraka kidogo kisha polepole, na robo dakika inaweza kuangukia fungu lolote. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni haraka. Ukipata 50 au 52, rudia baada ya dakika chache. Ikibaki hapo, aje.

Kisha muulize: "Akivuta hewa, sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani?" Wengi hujibu ndiyo kwa kuona tumbo linavyocheza. Mwambie aweke macho pale mbavu zinapoishia, akitazama wakati tumbo linapanda. Pale pakiingia ndani kila pumzi, mtoto akiwa ametulia, aje bila kujali hesabu. Mkoromo wa puani peke yake si dalili hiyo. Wetu alipata 44, hapabonyei.

4. Usiku huu afanye nini

Matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa, 2 kila tundu la pua, kabla ya kunyonya. Nguo moja nyepesi, hakuna blanketi. Uzito autazame kwenye kadi ya kliniki: kilo 6. Sirapu ya paracetamol yenye miligramu 120 katika mililita 5, ampe mililita 2.5 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kijiko cha jikoni. Arudie baada ya saa 6 ikihitajika, isizidi mara 4 kwa siku. Asimpe asali, dawa ya kikohozi ya wakubwa, wala antibayotiki iliyobaki nyumbani. Sipendi pia dawa za kupaka zenye kafuri kwa umri huu. Zinaweza kumsumbua kupumua.

5. Asubuhi lazima aje

Muheza kuna malaria, na mafua hayaiondoi. Joto likishuka kwa panadol pia haimaanishi hana. Kwa hiyo zahanati ikifunguliwa apimwe kwa kipimo cha haraka, hata akiamka anacheka.

6. Akuambie alichoelewa

Usiulize "umeelewa?" Uliza: "Ukiona nini usiku utakuja bila kusubiri asubuhi?"

"Akikataa titi, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea, akipumua haraka au mbavu zikibonyea."

Akisahau moja, itaje tena, naye airudie kabla hujakata simu.