Kabla hujaenda kupinga bili ya maji iliyokadiriwa

Bili ya maji ikija mara tatu ya ile uliyoizoea, wengi wetu hapa Malindi hukimbilia kaunta kusema, "Sisi hatutumii maji namna hiyo." Maneno hayo hayambani mtu. Kinachombana ni nambari iliyo kwenye mita yako. Bili ya makadirio inadai kwamba mita imefika mahali fulani, na dai hilo unaweza kulipima mwenyewe kabla hujatoka nyumbani.

Anza na bili. Tafuta masomo ya mwezi uliopita, masomo ya sasa na yuniti ulizotozwa, ambazo ni tofauti ya hayo mawili. Yuniti moja ni lita 1,000, sawa na mitungi 50 ya lita 20. Angalia kama kuna alama inayoonyesha kwamba masomo ni makadirio, na kama huioni, hilo ni swali lako la kwanza kaunta. Kisha linganisha nambari ya mita iliyochapwa kwenye bili na ile iliyo kwenye mita yenyewe. Pale mita kadhaa zinapopangwa ukuta mmoja, hutokea mtu akatozwa maji ya jirani, na hilo ni lalamiko jingine kabisa.

Sasa nenda kwenye mita. Mara nyingi utaikuta imefunikwa mchanga na kioo kimeingia ukungu, na hiyo ni sababu mojawapo ya msomaji mita kukadiria. Sababu nyingine ni lango lililofungwa na mbwa aliyeko ndani. Fukua mchanga, futa kioo kwa kitambaa kibichi, usubiri mpaka tarakimu zionekane vizuri. Zile nyeusi ni yuniti kamili, na ndizo zinazotozwa. Zile nyekundu ni lita ambazo hazijatimia yuniti, usizisome pamoja na nyeusi. Piga picha ya karibu inayoonyesha tarakimu zote na nambari ya mita, na nyingine ya mbali kidogo inayoonyesha mita iko wapi. Picha ya kwanza ibaki kwenye simu yako kama ilivyo, kwa sababu ukiituma kwa WhatsApp taarifa za tarehe na saa zilizomo ndani yake huondoka. Andika pia kwenye daftari: tarehe, saa, masomo.

Hesabu ndiyo sehemu inayowachanganya watu. Chukua nyumba moja ya watu watano huko Barani. Bili ya Juni inasema mita imetoka 642 ikafika 681, yaani yuniti 39, na nyumba hiyo kwa kawaida hutumia 13 hivi kwa sababu kufua na kuosha hufanywa kwa maji ya kisima. Tarehe 4 Julai mita inasoma 657. Mtu akitoa 642 kwenye 657 atasema ametumia 15, lakini hiyo 642 nayo ni makadirio! Lazima urudi nyuma hadi masomo ya mwisho yaliyosomwa kweli. Kwenye bili za zamani inaonekana mita ilisomwa mwisho wa Machi ikiwa 616. Aprili wakakadiria 12, Mei 14, Juni 39, jumla 65. Mita yenyewe, kutoka Machi hadi tarehe 4 Julai, imepitisha 41 tu, na siku nne za Julai zimo humo. Kwa hiyo yuniti 24 zimetozwa kabla hazijapita, sawa na mitungi 1,200. Ndiyo maana nasema bili za zamani zisitupwe. Bila ile ya Machi, hoja inapungua nusu.

Ikiwa mita imepita nambari ya bili, basi makadirio siyo tatizo lako. Funga mifereji yote na koki ya kuingiza maji kwenye tangi, kisha tazama kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, kuna bomba linalovuja baada ya mita. Usidanganywe na ardhi kavu, kwa maana mchanga wetu hunywa maji yote bila kuacha dimbwi. Kisha funga koki iliyo baada ya mita. Kigurudumu kikiendelea wakati koki imefunga barabara, ishuku mita. Unaweza pia kujaza mitungi mitano ya lita 20 kutoka mfereji unaotoka moja kwa moja kwenye mita, si kwenye tangi. Mita isogee lita 100 au karibu na hapo. Kipimo hiki hakitoshi kuihukumu mita, ila kinatosha kukufanya uombe ipelekwe kupimwa. Uliza kwanza gharama ya kuipima italipwa na nani.

Ukienda ofisini, nenda na barua, usitegemee mdomo pekee. Iwe fupi: nambari ya akaunti, nambari ya mita, masomo ya bili, masomo uliyoyaona na tarehe yake, masomo halisi ya mwisho, na mambo matatu unayoomba. Kwanza, mita isomwe upya nawe ukiwepo. Pili, bili irekebishwe. Tatu, maji yasikatwe lalamiko likiwa bado linashughulikiwa. Ambatisha picha zilizochapwa. Toa nakala, igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Huenda ukaambiwa, "Mama, hii mita ilisomwa." Jibu kwa upole: "Sawa mwanangu, nionyeshe ilisomwa tarehe ngapi na ilikuwa ngapi." Mita haiwezi kuwa ilisomwa 681 mwezi uliopita na leo iwe 657.

Usiache kulipa kabisa. Lipa kiasi kinachoendana na matumizi yako halisi, weka risiti, na utaje malipo hayo ndani ya barua. Kulipa sehemu peke yake hakuzuii kukatiwa, na ndiyo maana ombi la tatu linahitaji jibu la maandishi. Kama wewe ni mpangaji na akaunti ina jina la mwenye nyumba, pata barua yake ya idhini mapema, la sivyo utarudishwa mlangoni.

Kampuni ikikaa kimya au ikikukatalia, malalamiko hupelekwa kwa WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji nchini Kenya chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Jambo la kwanza watakalotaka kujua ni kama ulianza na kampuni, na ile nakala yenye muhuri ndiyo jibu.

Bili iliyorekebishwa ikifika, iangalie tena kabla ya kushukuru. Bei ya maji hupanda kwa ngazi: yuniti za mwanzo ni rahisi, zinazofuata ni ghali zaidi. Kwenye ile nyumba ya Barani, yuniti 39 za Juni ziliingia ngazi za juu. Zile 24 zinazoondolewa zitoke huko juu, zisikatwe kwa bei ya ngazi ya chini. Na ikiwa siku moja mambo yatageuka, ukadiriwe kidogo miezi kadhaa halafu usomewe zote kwa mpigo, omba yuniti hizo zigawanywe kwa miezi zilizotumika. Zikikusanywa mwezi mmoja utalipa bei ya ngazi ambayo hukuwahi kuifikia.