Sauti ya mtoto imekauka: jinsi ya kutofautisha kelele za michezo na ugonjwa

Katika kliniki ya masikio, pua na koo ninakofanya kazi, wazazi wengi huleta mtoto mwenye sauti ya mkwaruzo wakiwa wameshampa dozi moja au mbili za antibiotiki, na wengine wakiwa wameshashauriwa na majirani wampeleke akakatwe kimeo. Mara nyingi mtoto mwenyewe hana homa, anakula vizuri, na tatizo lake ni kwamba hupiga kelele tangu anapoamka hadi anapolala. Mwongozo huu ni kwa mzazi wa mtoto aliyekwisha anza kuzungumza ambaye bado hajafikia umri wa kuvunja ungo au kubaleghe. Mfano nitakaoutumia ni wa mvulana wa miaka 7, mwanafunzi wa darasa la kwanza, ambaye mama yake alifuata hatua hizi pamoja nami.

Hatua ya 1: Hakikisha hakuna dharura

Mpeleke mtoto hospitali saa hiyohiyo ikiwa anavuta pumzi kwa shida, kifua chini ya mbavu kinabonyea ndani anapopumua, kuna mlio mkali anapovuta pumzi akiwa ametulia, anadondosha udenda kwa sababu hawezi kumeza, au midomo yake inabadilika rangi. Fanya hivyo pia ikiwa sauti ilikauka ghafla baada ya kupaliwa alipokuwa akila karanga au akichezea kitu kidogo mdomoni, hata kama baadaye alionekana kupata nafuu. Homa pamoja na shingo iliyovimba na utando wa kijivu kooni ni dalili za dondakoo, hasa kwa mtoto ambaye hakukamilisha chanjo. Hakuna hata moja kati ya hizi inayosababishwa na kupiga kelele.

Hatua ya 2: Hakikisha kweli ni sauti iliyokauka

Mama wa mvulana wetu alisema, “Daktari, mwanangu ana mafindofindo, ndiyo maana sauti haitoki.” Maelezo hayo ni ya kawaida, lakini mafindofindo yako juu, nyuma ya mdomo, ilhali sauti hutengenezwa chini zaidi, ndani ya zoloto, pale nyuzi mbili za sauti zinapogongana zaidi ya mara 200 kwa sekunde mtoto anapozungumza. Mafindofindo yakivimba, mtoto huzungumza kama mwenye chakula cha moto mdomoni, maneno yakiwa mazito lakini bila mkwaruzo. Mkwaruzo, pumzi inayovuja katikati ya maneno, na sauti inayokatika hutoka kwenye nyuzi zenyewe. Kimeo nacho hakihusiki na kutengeneza sauti, na kukikata humwachia mtoto jeraha linaloweza kutoka damu nyingi au kuoza.

Hatua ya 3: Kumbuka ilivyoanza

Ikiwa ilianza pamoja na mafua na kikohozi, subiri; uvimbe wa nyuzi za sauti unaotokana na virusi kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja au mbili, na antibiotiki haziuharakishi. Ikiwa ilianza bila mafua, au mafua yameisha na sauti haijarudi, nenda hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Rekodi sauti kwa wiki moja

Hapa ndipo wazazi wengi hupotea, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu. Swali tunalotafuta jibu lake ni moja: je, sauti hupanda na kushuka kulingana na kelele, au iko vilevile, au inazidi kuharibika siku hadi siku? Mzazi anayemsikia mtoto wake kila saa hawezi kulijibu kwa kumbukumbu, na nikimuuliza ataniambia “iko hivyohivyo tu”, jibu ambalo mara nyingi rekodi hulikanusha. Simu yoyote inayorekodi inatosha. Mimi sipendi programu za simu zinazodai kupima ubora wa sauti na kutoa alama, kwa sababu humfanya mzazi aangalie namba badala ya kusikiliza.

Rekodi mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya kwenda shule na jioni kabla ya kulala, simu ikiwa umbali uleule kutoka mdomoni, katika chumba kisicho na redio wala feni. Mtoto afanye mambo matatu kwa mpangilio uleule. Kwanza ahesabu moja hadi kumi kwa sauti yake ya kawaida. Kisha aseme “aaa” kwa pumzi moja kadiri awezavyo. Mwisho aimbe mstari mmoja wa wimbo anaoujua kwa sauti nyembamba lakini ndogo mno, kana kwamba kuna mtoto mchanga amelala karibu. Jambo hili la tatu ndilo linalofichua zaidi, maana nyuzi zilizovimba huweza kabisa kutoa kelele kubwa, lakini hushindwa kuanza sauti ndogo nyembamba: utasikia pumzi tupu kwanza, halafu sauti inachelewa kuingia au inakatika.

Zipo tahadhari kadhaa. Asubuhi usirekodi mtoto anapotoka tu kitandani, kwa kuwa kohozi la usiku humkwaruza kila mtu. Mpe maji, mwache atembeetembee kama nusu saa. Usirekodi baada ya kulia. Watoto wengi wakiona simu huigiza, wengine wakitia mkwaruzo kwa makusudi kwa sababu unawafurahisha, kwa hiyo rekodi za siku ya kwanza zichukulie kama mazoezi. Mafua yakiingia katikati ya wiki, acha, uanze upya yakiisha. Na andika kando ya kila rekodi alichofanya siku hiyo: mechi, kombolela, sherehe, madrasa, safari. Bila maelezo hayo rekodi hazina maana, nami nimeletewa simu zenye rekodi nyingi nzuri zisizoweza kusomeka kwa kukosa jambo hilo tu.

Mvulana wetu alikuwa hivi. Jumatatu asubuhi alihesabu kwa sauti safi, na wimbo wa sauti ndogo ulikatika mara moja tu. Jumatano jioni, baada ya kucheza mpira akiwa golikipa anayewaelekeza wenzake kwa kupayuka, hesabu ilikuwa na mkwaruzo kuanzia sita. Ijumaa jioni “aaa” ilivuja pumzi tangu mwanzo na wimbo haukutoka kabisa. Jumamosi alishinda mtaani na wenzake, hali ikabaki ileile. Jumapili mvua ilinyesha, akakaa ndani akichora, na Jumatatu iliyofuata hesabu ikawa safi tena. Mama aliposikiliza Ijumaa na Jumatatu zikifuatana alicheka, akasema, “Kumbe huyu ni kelele tu.”

Mwenendo huo wa kupanda na kushuka ndio wa mtoto anayepayuka. Nyuzi zikigongana kwa nguvu kila siku huvimba, na baadaye huota vinundu viwili vidogo vinavyotazamana, kimoja kila upande, pale mgongano ulipo mkubwa zaidi. Ndivyo chanzo cha kawaida zaidi cha sauti ya mkwaruzo ya muda mrefu kwa watoto, na huwapata zaidi wavulana wa umri wa shule ya msingi. Si saratani na havigeuki kuwa saratani.

Mienendo mingine ina maana tofauti. Sauti inayokuwa mbaya zaidi asubuhi na kuimarika kadiri siku inavyosonga, hasa kwa mtoto anayecheua au kulalamika kiungulia, hunifanya nifikirie tindikali inayopanda kutoka tumboni. Mwenendo ninaouogopa ni ule usio na siku nzuri hata moja: sauti inafifia polepole kwa wiki na miezi, likizo haiisaidii, na baadaye pumzi inaanza kuwa na mlio. Hivyo ndivyo huanza vioteo vya zoloto vinavyosababishwa na aina za 6 na 11 za virusi vya HPV, ambavyo mtoto huweza kuvipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Watoto hao mara nyingi hutibiwa pumu kwa muda mrefu bila nafuu, huku vioteo vikiendelea kuziba njia ya hewa. Na mtoto ambaye kilio chake kilikuwa hafifu au cha mkwaruzo tangu kuzaliwa hahitaji rekodi za wiki nzima. Apelekwe moja kwa moja kwa mtaalamu.

Hatua ya 5: Punguza kelele kwa wiki mbili, kisha rekodi tena

Usimwambie mtoto wa miaka 7 “nyamaza”, kwa sababu hataweza. Wala usimwambie anong'one. Kunong'ona kwa kujikaza nako hukaza zoloto, na hakuzipumzishi nyuzi. Kanuni iliyofanya kazi kwa mvulana wetu ilikuwa moja: ukitaka kuzungumza na mtu, mfuate mpaka unaweza kumgusa. Kanuni hiyo ni ya nyumba nzima, na mama alikiri kwamba aliyekuwa akiita kutoka jikoni hadi uani mara nyingi alikuwa yeye. Golini alipewa filimbi. Milio ya kuigiza pikipiki na wanyama wakali, ambayo hukwangua nyuzi kuliko hata kupayuka, ilihamishiwa kwenye midomo na ulimi. Kila alipotaka kukohoa ili kusafisha koo alikunywa funda la maji.

Shuleni ni pagumu zaidi, kwa kuwa darasa kubwa huitikia kwa pamoja na kila mmoja hutaka kusikika. Mwombe mwalimu amketishe mtoto mbele na amruhusu kuitikia taratibu. Na ukiona mtoto hupayuka hata mkiwa wawili chumbani, au huongeza sauti ya televisheni, au masikio yake yamewahi kutoa usaha, apimwe usikivu kwanza, maana asiyesikia vizuri hupaza sauti bila kujua.

Tembe za kunyonya zenye ladha ya mnanaa sizipendi, kwani hufanya koo lihisi limepona na mtoto anarudi uwanjani kupayuka. Kumfukiza mtoto kwa sufuria la maji ya moto sikubaliani nako hata kidogo. Majeraha ya kuungua ni hatari kubwa kuliko sauti iliyokauka.

Hatua ya 6: Amua kuhusu hospitali

Ikiwa rekodi mpya ni bora, endelea. Ikiwa mkwaruzo umedumu zaidi ya wiki nne kwa jumla, hata ukiwa wa kupanda na kushuka, muone daktari wa masikio, pua na koo. Rekodi humsaidia kujua aanzie wapi, lakini kinachothibitisha ni kuziona nyuzi zenyewe kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani, kipimo cha dakika chache ambacho watoto wengi huvumilia wakiwa wamepakatwa na mzazi. Nenda na simu yako, mweleze dawa zote alizokwisha pewa, na mchezeshee rekodi iliyo mbaya zaidi na iliyo nzuri zaidi.

Mvulana wetu alikutwa na vinundu vidogo. Hakupasuliwa, kwa sababu vinundu vya watoto kwa kawaida havipasuliwi: hurudi mtoto akiendelea kupayuka, na nyuzi huweza kubaki na kovu. Alifundishwa kutumia sauti yake na mtaalamu wa tiba ya usemi, filimbi ikabaki golini, na anatakiwa kuangaliwa tena baada ya miezi michache. Vingi hupungua hivyo, na vinavyosalia mara nyingi huisha zoloto linapokua wakati wa kubaleghe.