Mtu akikuandikia "Kichwa" peke yake: namna ya kumjibu, hatua kwa hatua

Mimi ni nesi. Zamu yangu ya jioni ni ya simu: zahanati yetu iko Eastlands hapa Nairobi, ina namba ya meseji, na watu huandika wakiwa wamelala kitandani, wamekaa kwa matatu, au wamesimama nje ya kemisti. Wengi huandika neno moja tu. Tumbo. Homa. Kifua. Linalokuja zaidi ya yote ni kichwa. Nimewafundisha wenzangu wapya kulijibu neno hilo, na hapa naandika vile tunavyofanya, nikifuata meseji moja ya mwezi wa saba tangu mwanzo hadi mwisho. Mambo ya kumtambulisha mhusika nimeyabadilisha.

Hatua ya 1: Soma kilichozunguka neno

Meseji yenyewe ilikuwa hivi:

"Kichwa"

Iliingia saa 3:40 usiku. Kabla ya kujibu nilitazama mambo mawili. Kwanza, kama namba ile imewahi kutuandikia, haikuwa imeandika. Pili, saa. Anayeandika neno moja saa 4 asubuhi huenda anauliza tu bei ya dawa. Anayeliandika usiku, kemisti nyingi za mtaa zikiwa zinafunga, mara nyingi amevumilia mchana kutwa. Pia kuna anayeandika neno moja kwa sababu hana nguvu ya kuandika la pili. Huyo ndiye ninayemfikiria kwanza, hata kama ni mmoja kati ya wengi.

Usidhani kwamba unajua neno lenyewe lina maana gani. Kwa Kiswahili chetu kichwa kinauma, kinagonga, kinapasuka, lakini pia kinazunguka, na kizunguzungu ni jambo lingine kabisa. Mtoto aliyeanguka kutoka kitandani, mamake ataandika "kichwa". Mwenye mashilingi kichwani ataandika vilevile. Kwa hiyo jibu lako la kwanza lisiwe na neno "maumivu" ndani yake.

Hatua ya 2: Jibu la kwanza lifanye mambo matatu tu

Mpe pole, umjulishe kuna mtu upande wa pili, na uache mlango wazi kwa hatari. Kisha swali moja. Langu ni hili:

"Pole sana. Mimi ni nesi, niko hapa. Ni wewe mwenyewe au ni mtu mwingine? Ukiona degedege, kuzimia au kushindwa kuongea, piga 999 au 112."

Linatosha kwenye meseji moja ya herufi 160, na hilo nimelizingatia kwa makusudi. Meseji ikigawanyika, kwenye simu ndogo kipande cha pili kinaweza kufika mbele ya cha kwanza.

Neno "pole" lisikosekane na lisirudiwe kila mstari. Swali la "ni wewe au mwingine" linatangulia kwa sababu simu moja hutumiwa na nyumba nzima. Bila jibu lake, kila ushauri unaofuata unaweza kuwa wa mtu asiyehusika: kipimo cha dawa cha mtu mzima kikaenda kwa mtoto wa miaka minne.

Kosa ninaloliona kwa wageni wa kazi hii ni kutuma maswali kumi kwa pamoja: umri, uzito, ulianza lini, una homa, umekula nini. Mgonjwa hujibu la mwisho tu, au ananyamaza na kuzima simu. Uliza moja, subiri, uliza lingine.

Subiri kwa muda gani? Mimi huweka dakika 10. Zikipita kimya, napiga simu. Yule aliyeandika neno moja usiku kisha akanyamaza simwachi mpaka kesho.

Huyu alijibu baada ya dakika 3: "Ni mimi".

Hatua ya 3: Uliza kichwa kina nini, na kilianzaje

"Asante. Kichwa kinakuuma, kinazunguka, au umegongwa?"

"Inauma sana"

"Pole. Ilikuja ghafla kama radi, au ilianza polepole?"

"Tangu jana inazidi tu"

Mwone alivyoandika: "inauma". Nami nikamfuata na "ilikuja", ingawa shuleni nilifundishwa kichwa kinauma. Kumsahihisha mgonjwa sarufi kwa njia ya jibu lako ni kumwambia anyamaze.

Swali la ghafla lina uzito wake. Maumivu yanayofika kilele ndani ya dakika moja hivi, mtu akasema hajawahi kupata kichwa kama hicho maishani, yanaweza kuwa damu inayovuja ndani ya fuvu. Hapo maswali yanakwisha, mtu anaelekea hospitali. Huyu yake ilizidi kwa siku mbili, kwa hiyo tuliendelea.

Hatua ya 4: Maswali ya hatari, moja moja, kwa maneno ya mwili

Usiulize "una dalili za homa ya uti wa mgongo?" Hakuna ajuaye kujibu hilo. Uliza jambo analoweza kulijaribu hapo alipo: "Ukiinamisha kidevu mpaka kifuani, shingo inakubali?" Shingo ikikataa na mwili una joto, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo. Kuhusu ubongo na mishipa: "Mkono au mguu mmoja umelegea?" Kuhusu macho: "Unaona vizuri?"

Homa ikiwepo, uliza safari. Nairobi iko juu, karibu mita 1,800, na malaria inayopatikana hapa mara nyingi imetoka kwingine. Aliyerudi kutoka Kisumu, Busia au Pwani ndani ya mwezi mmoja aende apimwe damu kabla ya kumeza dawa yoyote ya malaria.

Na kuna swali la msimu. Mwezi wa sita mpaka wa nane baridi inauma na watu huingiza jiko la makaa ndani, madirisha yakafungwa. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni kichwa na kichefuchefu. Kwa hiyo huuliza: "Kuna mwingine hapo nyumbani anaumwa kichwa?" Wakiwa wawili au zaidi, au maumivu yakipungua mtu akitoka nje, jibu langu ni amri: tokeni nje wote sasa, acheni mlango wazi, msilale humo, muende hospitali.

Nilipomuuliza mgonjwa wangu kuhusu jiko, alisema anapikia gesi na yuko peke yake. Shingo ilikubali. Mikono iko sawa. Nikauliza macho.

"Naona kama nyota nyota"

Hatua ya 5: Mimba

Jibu hilo la nyota ndilo lililobadilisha usiku wetu, lakini hata bila hilo ningeuliza. Huulizwa kwa adabu, kwa kuwa huenda simu ikasomwa na mwingine:

"Nauliza kila mama na dada swali hili ili nisikose: una mimba, au umejifungua ndani ya wiki 6 zilizopita?"

"Ndio miezi 7"

Mwanamke mwenye mimba ya zaidi ya wiki 20 anayeumwa kichwa kisichoisha na anaona nyota, jambo la kwanza kulifikiria ni presha ya mimba, ile inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Nikauliza mawili tu ya kuongeza: kama uso na mikono imevimba, na kama anaumwa chini ya mbavu upande wa kulia. Alisema pete imekataa kutoka kidoleni tangu juzi.

Wiki 6 baada ya kujifungua zimo kwenye swali kwa sababu hatari hii haiishi mtoto akizaliwa. Mama wa wiki moja huambiwa na majirani kwamba ni uchovu na kukosa usingizi.

Hatua ya 6: Dawa alizokwisha kumeza

Hili nililijifunza kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilimjibu mtu mzima: "Meza Panadol mbili upumzike." Sikuuliza. Alikuwa amekwisha kumeza mbili mbili mara nne tangu asubuhi, pamoja na dawa ya mafua yenye parasetamoli ndani yake. Vidonge 8 vya miligramu 500 ndio mwisho wa mtu mzima kwa saa 24, na zangu zilikuwa za tisa na kumi. Bahati nzuri alinijibu kabla ya kumeza.

Sasa huuliza: "Umekunywa dawa gani leo, na ngapi?" Halafu: "Kuna dawa unayokunywa kila siku?" Swali hili la pili linamwachia mtu nafasi ya kutaja ARV, za kisukari au za presha bila mimi kumuuliza hali yake. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na simu iliyo mezani haina siri. Anayetumia ARV na anaumwa kichwa kwa siku nyingi simwachi kwa meseji, anahitaji kuonwa.

Mgonjwa wangu alikuwa amekunywa Panadol mbili mchana na mbili jioni. Hazikusaidia. Hazizidi kipimo, lakini ningemwongezea nyingine ningekuwa nanyamazisha kengele. Brufeni nilimwambia asiiguse kabisa.

Hatua ya 7: Mwambie la kufanya, na umsindikize

Ushauri wa hatari hauandikwi kwa "ingefaa". Niliandika:

"Dada, hii inaweza kuwa presha ya mimba. Unahitaji kupimwa presha na mkojo usiku huu, si kesho. Nani anaweza kukupeleka?"

Alijibu kwamba kliniki yake ni Jumatatu, angengoja. Hapo ndipo niliacha meseji nikampigia. Nilimweleza kwamba presha ikifika 140 kwa 90 katika mimba tayari ni tatizo, ikifika 160 kwa 110 ni dharura, na kwamba hospitalini kuna sindano ya kuzuia kifafa. Alikuwa Kayole, kwa hiyo hospitali ya Mama Lucy Kibaki ilikuwa karibu zaidi ya ile ya Pumwani. Alitaka kuchukua boda. Nilimwomba agonge kwa jirani mwenye gari, kwa sababu akishikwa na kifafa juu ya pikipiki hakuna wa kumshika. Achukue kitabu cha kliniki. Akifika mlangoni aseme maneno matatu kabla ya jina lake: mimba, kichwa, macho.

Saa 5:05 nilituma meseji: "Umefika?" Jirani ndiye aliyejibu: presha 168 kwa 112, wamemlaza.

Hatua ya 8: Andika

Kwenye daftari la zamu niliandika saa ya kila jibu, maneno yake kama alivyoyaandika, nilichomshauri, na saa niliyohakikisha amefika. Jina sikuandika, namba ya faili tu. Mwenzangu wa asubuhi alikuta mstari mmoja umepigiwa wino mwekundu: apigiwe saa 3 asubuhi. Alimpigia.